Kuunga aya mbili: kiunganishi, kionyeshi au sentensi ya kiungo?

Soma aya hizi mbili kama zilivyo kwenye rasimu ya makala kuhusu Ziwa Victoria:

> Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana sana, lakini katika miaka ya 1980 alitapakaa, na furu, ambao walikuwa wa mamia ya aina, wakapungua vibaya kwa sababu ndio waliokuwa chakula chake. Mvuvi aliyezoea furu wa kuenea kiganjani sasa alivua samaki wa kubebwa na watu wawili.
>
> Mahitaji ya kuni yalipanda katika vijiji na visiwa vingi vya ziwa hilo. Miti ya karibu ilikatwa, na aliyetaka kuni akalazimika kwenda mbali au kununua.

Hakuna kosa la sarufi hapo, na kila sentensi ina habari. Hata hivyo msomaji akifika kwenye "mahitaji ya kuni" anasimama. Alikuwa ziwani na samaki, ghafla yuko msituni. Kuni zimetoka wapi? Mwandishi anajua, na ndiyo sababu hakuandika: jambo analolijua vizuri linapita kichwani mwake bila kutua kwenye karatasi. Ukikulia kwenye visiwa vya ziwa hilo, kama Ukerewe au Rusinga, huhitaji kuambiwa sangara anahusiana vipi na kuni. Msomaji wa Mtwara anahitaji.

Mwandishi akigundua mruko kama huu ana njia nne za kuuziba: kiunganishi kama "aidha" au "kwa hiyo", jina lililotajwa likarudishwa pamoja na kionyeshi, kama "samaki huyo" au "mabadiliko hayo", sentensi nzima inayosema uhusiano wenyewe, au kuhamisha aya. Watu wengi hukimbilia ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Tuzipime zote kwenye aya hizi hizi.

Kiunganishi peke yake

Tuanze na ile inayotumika zaidi:

> Aidha, mahitaji ya kuni yalipanda katika vijiji na visiwa vingi vya ziwa hilo.

Mruko uko palepale. "Aidha" inamwambia msomaji kwamba hili ni jambo la pili la aina ileile, kama mtu anayehesabu hasara. Lakini kupungua kwa furu na kupanda kwa mahitaji ya kuni si mambo mawili yaliyokaa sambamba. Moja limezaa jingine. Kwa hiyo "aidha" hapa imeshindwa kuunga, na juu ya hapo imempa msomaji uhusiano usio wa kweli. Hali ni ileile ukiweka "vilevile", "isitoshe", "zaidi ya hayo" au "pia".

Mwingine atasema basi tuweke neno la sababu:

> Kwa hiyo, mahitaji ya kuni yalipanda katika vijiji na visiwa vingi vya ziwa hilo.

Hili liko karibu zaidi na ukweli, maana sasa tunadai kwamba jambo la kwanza limeleta la pili. Ila msomaji bado hajui limeletaje. Unamwambia "kwa hiyo" naye anajiuliza, kwa hiyo vipi? Neno hili linafaa pale ambapo msomaji anaweza kuruka mwenyewe kutoka sababu hadi tokeo bila kusaidiwa. Ukiandika kwamba mvua hazikunyesha, kisha aya ifuatayo ikaanza "Kwa hiyo bei ya unga ilipanda", kila mtu amekuelewa, kwa sababu kiungo cha katikati, yaani mahindi kukosekana, anacho tayari kichwani. Kati ya samaki na kuni hana.

Hapo ndipo mpaka wa kiunganishi ulipo. Kinaonyesha mwelekeo tu: naongeza, napinga, natoa sababu, natoa mfano. Hakibebi habari yoyote mpya. Kama msomaji ana habari zote na anachokosa ni mwelekeo, kiunganishi kinatosha, tena ndicho bora kwa sababu ni kifupi. Kama anakosa habari, hata ukiweka viunganishi vitatu mfululizo atabaki na swali lake.

Kuna kipimo ninachokitumia kila ninapohariri. Ninaziba kiunganishi kwa kidole na kusoma bila hicho. Uhusiano ukiwa bado unaonekana, kiunganishi hicho ni msaada mdogo tu na mara nyingi kinaweza kuondoka. Uhusiano ukitoweka kabisa, najua kwamba neno moja limebebeshwa kazi ya sentensi nzima, na halitaiweza.

Ukichagua njia hii, chunga jozi zinazochanganywa. "Hata hivyo" hukubali lililotangulia kisha huleta lisilotarajiwa. "Kinyume chake" hukanusha lililotangulia na kuweka la upande wa pili. Ukisema sangara alileta fedha nyingi, kisha "kinyume chake furu walipungua", umekosea, maana furu kupungua si kinyume cha fedha kuongezeka. "Hata hivyo" ndiyo inayofaa. Na "aidha" yenyewe ina tatizo lake: kwa wasomaji wengi ni nusu ya "aidha hiki au kile", hivyo akiiona mwanzoni mwa aya anaweza kuanza kusubiri "au" ambayo haiji. Binafsi naipa kazi katika barua za kiofisi na ripoti tu.

Jina pamoja na kionyeshi

Njia ya pili haionekani sana, ila Kiswahili kimeiwekea vifaa vyake maalumu. Tuna kundi zima la vionyeshi ambavyo kazi yake ni kurejelea kilichokwisha kutajwa: huyo, hao, hiyo, hizo, hilo, hayo, hicho, hivyo, hapo. Tukisema "samaki huyu" tunamwonyesha aliye karibu. Tukisema "samaki huyo" tunamrudia tuliyemzungumzia. Aya inayoanza na jina lenye kionyeshi cha namna hii imeshajifunga kwenye ile ya juu kabla haijasema jambo jipya.

> Samaki huyo mpya aliongeza mahitaji ya kuni katika vijiji na visiwa vingi vya ziwa.

Linganisha na "kwa hiyo". Sasa tunajua nani amefanya nini: sangara ndiye aliyeleta haja ya kuni. Mruko umepungua kwa kiasi kikubwa, na kwa gharama ya maneno matatu tu. Swali la "vipi" halijajibiwa, lakini msomaji ana cha kushika anapolisubiri jibu. Kama sentensi inayofuata inalitoa jibu, njia hii imetosha.

Inapoharibika ni pale kionyeshi kinapobaki bila jina, au kinapopewa jina lisilobeba kitu. "Hali hii ilisababisha mahitaji ya kuni kupanda." Hali ipi? Ya sangara kutapakaa, ya furu kupungua, au ya mvuvi kuvua samaki mkubwa? Aya ya juu ina hali tatu, na msomaji analazimika kuchagua. Ukikuta "hali hii", "jambo hili" au "suala hilo" mwanzoni mwa aya, jiulize ungeweka jina gani kama ungezuiwa kutumia hali, jambo na suala. Ungeandika "kupungua kwa furu huko"? "Ukubwa huo wa samaki"? Jina utakalopata ndilo la kuandika. Na likikupa shida kulipata, basi aya ya juu ina mambo mengi kuliko inavyopaswa, na hapo ndipo pa kuanzia matengenezo.

Kionyeshi kina umbali wake pia. "Samaki huyo" hufanya kazi vizuri kama samaki alitajwa katika sentensi ya mwisho au ya kabla ya mwisho. Kama aya ya juu iliishia kwenye bei ya nyavu, msomaji atarudi nyuma kutafuta ni samaki gani, na mruko umekuwa mkubwa kuliko mwanzo. Hapo ama umtaje kwa jina lake, sangara, ama upange upya mwisho wa aya ya juu ili imalizie kwa kitu ambacho ya chini itakishika.

Sentensi inayosema uhusiano

Sasa tuandike kile ambacho mwandishi alikijua akakiacha:

> Furu walikaushwa kwa kuanikwa juani. Sangara ana mafuta mengi na hakauki vizuri kwa jua, hivyo ilibidi akaushwe kwa moshi. Moshi huo ulihitaji kuni, na mahitaji ya kuni yakapanda katika vijiji na visiwa vingi vya ziwa.

Mruko umekwisha. Angalia pia kwamba kiunganishi kilichobaki ni "hivyo" moja ndogo, nayo iko katikati ya sentensi, haiko mwanzoni mwa aya. Kazi imefanywa na habari: mafuta, jua, moshi. "Moshi huo" ni kionyeshi cha njia ya pili, kimetumika ndani ya ya tatu. Mara nyingi njia hizi huishia kusaidiana namna hiyo.

Gharama yake ni urefu, na hapa tumeongeza sentensi mbili. Katika makala ya maneno elfu moja hilo si tatizo. Katika habari fupi ya gazeti, ambako aya ni sentensi moja au mbili na kila mstari unagombewa, huwezi kufanya hivi kila mahali. Unachagua mruko mmoja au miwili mikubwa na kuiacha mingine kwa kionyeshi.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi na watu hawaizungumzi sana. Sentensi ya kiungo ni dai. Ukiandika "sangara hakauki vizuri kwa jua" umetamka jambo ambalo ni kweli au si kweli, na unaweza kuulizwa umelitoa wapi. "Aidha" haiulizwi swali hilo, na nadhani ndiyo sababu inapendwa: inaruhusu mambo mawili kukaa pamoja bila mwandishi kusema yanahusianaje. Kwa anayeandika tasnifu au ripoti ya utafiti, hapa ndipo msimamizi hutia alama ya kuuliza pembeni. Mwanafunzi huongeza kiunganishi akidhani ameombwa mtiririko, kumbe ameombwa ushahidi wa kiungo.

Kwa hiyo ukijaribu kuandika sentensi ya kiungo ukaona huwezi, usirudi haraka kwenye "aidha". Kushindwa huko kunakupa habari. Ama hujui uhusiano wenyewe, na unapaswa kwenda kuuliza au kusoma, ama uhusiano haupo na aya hiyo si ya hapo.

Ipo sentensi inayofanana na hii kwa sura lakini haifanyi kazi yake: "Baada ya kuona suala la sangara, sasa tuangalie suala la misitu." Ni tangazo. Inasema tunahama, haisemi kwa nini tunahamia huko na si kwingine. Kwenye redio au darasani inasaidia, kwa sababu msikilizaji hana kurasa za kurudia na anahitaji kujua mada imebadilika. Kwenye maandishi, nafasi kati ya aya imeshasema hivyo. Swali mwanzoni mwa aya lina tabia hiyohiyo. "Je, vipi kuhusu misitu?" ni tangazo lenye alama ya kuuliza. "Kwa nini samaki adai kuni?" ni swali la kweli, kwa sababu linataja pande zote mbili na linalazimisha jibu. Kama aya inajibu mara moja, lina nafasi yake, lakini si zaidi ya mara moja katika makala.

Kuhamisha aya

Makala yenyewe iliendelea hivi: aya ya tatu ilihusu zuio la Umoja wa Ulaya, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 ulisimamisha kwa vipindi ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, sababu mojawapo ikiwa taarifa za uvuvi wa sumu. Ya nne ilihusu viwanda vya kukata minofu, kama vya Mwanza. Ya tano ilihusu mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa watu wa pale pale.

Kati ya kuni na zuio la Ulaya nilijaribu kila njia. "Hata hivyo" haina cha kupinga. Kionyeshi hakina cha kushika, maana aya ya kuni haikutaja Ulaya wala usafirishaji. Sentensi ya kiungo ingebidi ieleze viwanda, minofu, barafu na soko la nje, yaani ingebidi iwe aya ya nne nzima. Hiyo ndiyo dalili: kiungo kikihitaji habari zilizo katika aya ya mbele, mpangilio ndio wenye kosa. Viwanda lazima vitangulie zuio.

Baada ya kuvihamisha, maungio yote yaliyobaki yalibadilika, na kila moja likaomba njia tofauti.

Kutoka kuni kwenda viwanda: "Moshi ulikuwa wa soko la karibu. Soko la mbali lilitaka samaki mbichi kwenye barafu, na viwanda vya minofu vikajengwa kandokando ya ziwa." Hapa hakuna kiunganishi hata kimoja mwanzoni. Tofauti ya karibu na mbali, moshi na barafu, imeshafanya kazi ya "kwa upande mwingine", na ningeongeza maneno hayo ningemchosha msomaji bure.

Kutoka viwanda kwenda zuio: "Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulisimamisha..." Kiunganishi kimetosha. Msomaji ametoka kusoma kwamba minofu inakwenda Ulaya, kwa hiyo ana habari zote, na anachohitaji ni kuonywa kwamba mambo yanageuka. Hapa sentensi ndefu ya kiungo ingekuwa kumweleza jambo analolijua.

Kutoka zuio kwenda mapanki ndiko kulikokuwa na mtego. Mwandishi alipendekeza: "Zuio hilo liliwanyima wakazi chakula." Inasomeka vizuri, na inaunga kwa nguvu. Lakini ni dai kubwa, na rasimu haikuwa na ushahidi wake. Inawezekana kabisa samaki waliokosa soko la nje waliuzwa kwa bei nafuu hapo hapo na watu wakala zaidi. Tulichokuwa na uhakika nacho ni kidogo kuliko hicho: "Kiwanda kilichozuiwa kuuza nje hakina sababu ya kukata minofu, na pasipokatwa minofu hapapatikani mapanki." Sentensi hii imeshika zuio kwa mkono mmoja na mapanki kwa mwingine, na haikusema zaidi ya inachoweza kuthibitisha. Yaliyowapata wakazi tuliyaacha hadi mwandishi aongee na watu waliokuwepo.

Mwisho wa aya ya juu au mwanzo wa aya ya chini?

Swali hili hubaki hata baada ya kuchagua njia. Sentensi ya mafuta ya sangara ingeweza kuwekwa mwishoni mwa aya ya kwanza, baada ya samaki wa kubebwa na watu wawili. Mimi huiweka mwanzoni mwa aya ya chini, kwa sababu mbili. Aya ya kwanza inahusu nani alikuja na nani alipungua. Mafuta na jua vingeingia kama mgeni katika dakika ya mwisho na kuifunika sentensi yake nzuri. Pia, ukija kuhamisha aya baadaye, kama tulivyolazimika hapa, kiungo kilichoko mkiani hubaki kikielekeza mahali ambapo aya haipo tena. Nimekuta makala zilizochapishwa zikiwa na mikia ya namna hiyo: aya inaisha kwa kutaja bei, kisha bei haisikiki tena hadi ukurasa wa mwisho.

Mkia unafaa pale tu ambapo aya ya juu yenyewe imemalizia kwa kitu ambacho kinazaa swali linalojibiwa mara moja. Kama aya ya mapanki ingefuata ile ya viwanda moja kwa moja, na ya viwanda ikaisha kwa kusema kwamba minofu hupanda ndege na kichwa na mifupa hubaki Mwanza, basi aya ya mapanki ingeweza kuanza moja kwa moja na mama anayekaanga, bila kiungo kingine chochote.